TV vyumba 12 vya gesti kwa ving'amuzi vinne tu: namna ya kugawa signo na kufunga rimoti

Wenye gesti wengi wakinipigia simu huwa wanaanza na swali moja, fundi ninunue ving'amuzi vingapi? Na karibu wote wameshaambiwa na mtu kwamba kila chumba lazima kiwe na king'amuzi chake, vyumba 12 ving'amuzi 12 na malipo ya mwezi mara 12, alafu mgeni anaondoka na rimoti au anachezea menyu mpaka king'amuzi kinadai kutafuta satelaiti upya saa sita usiku. Kuna njia nyingine, ya zamani kidogo lakini kwa gesti ndogo mi bado naikubali. Ving'amuzi vichache vinakaa mapokezi kwenye kabati, kila kimoja kimefunguliwa stesheni moja, na waya mmoja wa antena unapeleka zote kila chumba. Mgeni anabadilisha chaneli 1 mpaka 4 kwa rimoti ya TV yake na hana habari king'amuzi kiko wapi.

Nitatumia mfano wa gesti moja ya ghorofa moja, vyumba sita chini sita juu, mapokezi yako chini karibu na mlango. Vipimo vyako vitakuwa tofauti ila hesabu ni ileile.

Kabla ya kununua chochote, piga simu mbili

Simu ya kwanza ni kwa kampuni ya king'amuzi. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani, masharti yake yanasema hivo, ukikisambaza kwenye vyumba vya kulipia unaweza kukatiwa na hata kudaiwa. Waambie ni gesti, vyumba vingapi, waulize wana mpango gani wa biashara na kama wanaruhusu king'amuzi kimoja kuhudumia vyumba vingi. DStv kwa mfano wana vifurushi vya biashara kabisa vya sehemu za kulala wageni. Majibu yao yanaweza kubadilisha hesabu yako yote ndo maana naiweka mwanzo. Simu ya pili ni COSOTA, maana kuonyesha na kupiga muziki kwenye eneo la biashara kunaguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, uliza gesti ya ukubwa wako inatakiwa iwe na kibali gani.

Hatua ya 1: chagua stesheni kwanza, idadi ya ving'amuzi itajileta yenyewe

Ubaya mkubwa wa mfumo huu nausema mapema usije ukanilaumu: king'amuzi kimoja ni stesheni moja. Vinne ni stesheni nne kwa gesti nzima, mgeni wa chumba namba 7 hawezi kujichagulia ya tano. Kwa hiyo kaa na mhudumu wako wa mapokezi, yeye anajua wageni wanaulizia nini. Kwa gesti za kwetu jibu huwa linafanana, mpira, habari za Kiswahili, sinema na katuni. Mpira wa Simba na Yanga uko Azam, ligi ya Uingereza iko DStv, kwa hiyo wengine wanaweka Azam vitatu na DStv kimoja. Kwa mfano wetu tuseme vyote vinne ni Azam ili dishi liwe moja.

Kama wageni wako ni wa kukaa wiki nzima na wanataka kuchagua wenyewe, huu mfumo haukufai, weka king'amuzi kwa kila chumba ukubaliane na gharama.

Hatua ya 2: dishi moja, jicho lenye matundu manne

Hapa ndo watu wanapoingia hasara ya kwanza. Wanachukua dishi la kawaida lenye jicho, yani LNB, ya tundu moja alafu wanaweka spliter igawe kwenda ving'amuzi vinne. Haifanyi kazi vizuri na sababu yake ni hii: king'amuzi chenyewe ndo kinachotuma umeme mdogo kwenda juu kwenye LNB, volti 13 kikitaka mawimbi ya wima na volti 18 kikitaka ya mlalo. Kimoja kikiomba 13 na kingine 18 kwenye waya uleule, wanagombana, utaona king'amuzi cha pili kinasema hakuna signo kila cha kwanza kinapobadilishwa chaneli. Siku nyingine kinakaa sawa kabisa maana vyote viwili bahati nzuri vinaomba kitu kimoja, na fundi anaondoka na hela yake.

Nunua LNB ya matundu manne, kila tundu linajitegemea, unashusha waya nne mpaka kwenye kabati. Azam ipo kwenye satelaiti ya nyuzi 7 mashariki na DStv nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo ukichanganya kampuni mbili jiandae na dishi mbili. Dishi lifungwe waya wa kwenda ardhini, hasa kama liko juu ya paa la bati na mtaa wenu una radi.

Hatua ya 3: moduleta, kifaa ambacho wengi hawajawahi kukisikia

Moduleta ni kiboksi kinachochukua picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi kupitia ule waya wa rangi tatu na kuvigeuza viwe chaneli ya antena kama zile za zamani za analojia. Unahitaji nne, moja kwa kila king'amuzi. TV za vyumbani zinazipata kwa kutafuta chaneli kwenye antena kama kawaida.

Kuna moduleta za HDMI pia, zinatoa chaneli za dijitali na picha nzuri zaidi ila bei yake iko juu na zina tatizo moja la kukera: ving'amuzi vya kulipia vinafunga tundu la HDMI kwa ulinzi unaoitwa HDCP, moduleta isipokubalika inakupa skrini nyeusi tu. Kwa TV za inchi 32 mi nabaki na rangi tatu. Ila kabla ya kununua TV hakikisha menyu yake ya kutafuta chaneli ina `ATV` mbali na `DTV`, maana isipokuwa na ATV haisomi analojia na mpango wote unakufa hapo.

Ving'amuzi vipya vingi havina matundu matatu ya rangi, vina katundu kamoja kama ka hedifoni kenye maandishi AV. Waya wake unauzwa ila mpangilio wa ndani haufanani, unaweza ukachomeka njano kwenye njano ukapata skrini nyeusi na sauti ya kunguruma. Usikimbilie kusema moduleta mbovu, hamisha pini nyekundu au nyeupe uiweke kwenye tundu la njano, mara nyingi picha inatokea hapo. Na uingie kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke skrini 16:9, la sivyo vyumba vyote vitaona watu wamebanwa.

Kila moduleta inapewa chaneli yake. Usizipange 21, 22, 23, 24 zikifuatana, moduleta za bei nafuu zinamwaga mawimbi pembeni kwenye chaneli ya jirani na utaona kivuli cha sinema ndani ya mpira. Acha nafasi ya nne nne. Mi napenda hivi:

```
Moduleta 1  mpira    UHF 22   479.25 MHz
Moduleta 2  habari   UHF 26   511.25 MHz
Moduleta 3  sinema   UHF 30   543.25 MHz
Moduleta 4  katuni   UHF 34   575.25 MHz
```

Kwa nini nne na sio tatu? TV zenye tyuna za kizamani zinasumbuliwa na chaneli iliyo hatua 5 au hatua 9 juu yake, ukipanga kwa tatu tatu ya kwanza na ya nne zinaachana hatua 9, ukipanga kwa nne huigusi 5 wala 9. Pia usipande juu ya chaneli 48, huko juu ni makazi ya mitandao ya simu. Na kabla ya kukubali namba hizo chomeka antena ya kawaida kwenye TV utafute chaneli za `DTV` za mnara wa mjini kwenu, ukikuta mojawapo inatumia 26, we hama.

Kwenye moduleta kuna kitu kingine kidogo ambacho kimewahi kunipotezea siku nzima. Mipangilio ya sauti ina herufi, `B/G`, `I` au `D/K`. Tofauti yake ni umbali wa sauti kutoka kwenye picha, 5.5, 6.0 na 6.5 MHz. Moduleta ikiwa B/G na TV ikiwa I unapata picha safi kabisa lakini sauti hamna, au ni mvumo wa shhhh. Nilibadilisha waya tatu siku ile kabla ya kuangalia hizo herufi. Chagua moja, iweke kwenye moduleta zote na TV zote.

Ufanye haya yote mezani kabla hujatoboa ukuta. Ving'amuzi vinne, moduleta nne, TV moja. Zikionekana nne zote safi hapo mezani ndo unaanza kuvuta waya.

Hatua ya 4: hesabu ya signo, usiiruke

Signo inapimwa kwa desibeli, we iite pointi. TV ya analojia inapenda kupata kati ya pointi 60 na 80. Chini ya 60 unaanza kuona chenga, juu ya 80 inalewa, picha inakuwa na mistari na rangi zinapotea. Kila kitu unachoweka njiani kinakula pointi, spliter ya kugawa mbili inakula kama 4, ya nne kama 8, ya nane kama 12, na waya wa RG6 mita 100 unakula kama 17 kwenye masafa haya.

Wenye gesti wengi wanavuta waya mmoja unaopita chumba hadi chumba na kila chumba wanaweka kaspliter ka mbili, nusu TV nusu inaendelea. Inaonekana ni akili maana waya unatumika kidogo. Sasa hesabu, chumba cha kwanza kimekula 4, cha pili 8, cha tatu 12, cha sita 24 bila hata waya wenyewe. Ukiongeza nguvu ili chumba cha sita kione, cha kwanza kinalewa. Ndo ile gesti ambayo chumba namba 1 kina mistari na chumba cha mwisho kina chenga na mwenye gesti anabadilisha TV kila siku akidhani ni mbovu.

Dawa ni kila chumba kiwe na waya wake mpaka kwenye spliter ya ghorofa yake. Mfano wetu unakwenda hivi. Moduleta zinatoa pointi 80 kila moja. Tunaziunganisha nne ziwe waya mmoja kwa kutumia spliter ya nne iliyogeuzwa, yani matundu manne ya kutokea yanakuwa ya kuingilia, inakula 8, tunabaki na 72. Hapo inafuata amplifaya tunayoiweka ongeze 17, tunafika 89. Spliter ya mbili inagawa chini na juu, inakula 4, zinabaki 85. Waya wa kupanda ghorofani mita 12 unakula 2, zinabaki 83. Spliter ya nane ya ghorofa ya juu inakula 12, tuko 71. Waya wa chumba cha mbali kabisa mita 24 unakula 4. Chumba cha mbali kinapata 67. Chumba kilicho karibu na spliter, mita 6 tu, kinakula 1 na kinapata 70. Vyumba vya chini havina ule waya wa kupanda kwa hiyo vinakwenda 72. Tofauti kati ya chumba bora na chumba kibaya ni pointi 5, hakuna mgeni atakayeiona.

Umeona amplifaya inakaa wapi, mwanzoni kabla ya kugawa, signo ikiwa bado safi. Ukiiweka mwisho kwenye chumba chenye chenga inakuza chenga. Na nunua yenye kitufe cha kupunguza, alafu usikubali kishawishi cha kuizungusha mpaka mwisho, ikizidiwa inachanganya chaneli zenyewe kwa zenyewe na utaona mistari ya mshazari inatembea kwenye stesheni zote nne kwa pamoja. Hiyo ndo dalili yake, mistari ikiwa chaneli moja tu angalia moduleta, ikiwa zote nne punguza amplifaya.

Kama huna mita ya signo, na wengi hatuna, chukua TV moja ndogo utembee nayo. Iwashe chumba cha karibu kabisa na cha mbali kabisa, ukirekebisha amplifaya mpaka vyote viwili viwe safi, vya katikati vitakuwa salama.

Spliter ya nane ina matundu mawili yaliyobaki wazi kila ghorofa. Usiyaache hivo hivo, yafunge kwa kofia za omu 75, ni vitu vya bei ndogo vinavyofanana na kofia ya pampu ya baiskeli. Tundu wazi linarudisha signo nyuma na unapata kivuli kwenye vyumba vya jirani. Tundu moja la chini litumie kwa TV ya mapokezi, nimelijua hilo baada ya mwenye gesti kuniuliza yeye ataangalia wapi.

Hatua ya 5: waya na vichwa vyake

RG6, usinunue ule mwembamba mwepesi ambao ukiuchuna unakuta nyuzi za nje zimekaa mbali mbali kama nywele za mzee. Nyuzi hizo ndo ukuta unaozuia mawimbi ya nje yasiingie na yako yasitoke kwa jirani. Waya wa signo usiupitishe kwenye bomba moja na waya wa umeme, kama lazima ziwe sambamba ziachane angalau kama sentimita 20, zikikutana zivukane kama msalaba.

Vichwa, mwisho wa spliter tumia vile vya kuzungusha. Kosa linalojirudia ni kanyuzi kamoja ka nje kugusa ile shaba ya katikati. Kanyuzi kamoja tu na chumba kizima kinakuwa giza, na wakati mwingine kinavuta na vyumba vya jirani vinapungua. Kabla ya kuchomeka, chukua multimita uiweke kwenye alama ya kengele, gusa katikati na nje, ikilia kata kichwa ufanye upya. Andika namba ya chumba kwenye kila waya pale kwenye spliter kwa kalamu ya wino usiofutika, miezi sita mbele utanikumbuka.

Hatua ya 6: kabati la mapokezi

Liwe na kufuli na matundu ya hewa, ving'amuzi vikipangwa juu ya kingine vinapikana, acha nafasi ya vidole vinne katikati. Alafu kuna hili la rimoti za ving'amuzi. Vyote vinne ni aina moja, kwa hiyo rimoti moja inaamrisha vyote kwa pamoja, mhudumu anataka kubadilisha katuni anakuta mpira nao umehama dakika ya 88. Suluhisho ni selotepu nyeusi juu ya kale ka kioo kadogo ka mbele kanakopokea rimoti. Ziba vyote vinne. Ukitaka kubadilisha kimoja unabandua chake tu, unabadilisha, unarudishia.

Ingia kwenye mipangilio ya kila king'amuzi uzime ile ya kujizima chenyewe kisipoguswa kwa masaa kadhaa, jina lake linatofautiana ila linakaa kwenye sehemu ya umeme au kuokoa umeme. Usipoizima saa tisa usiku vyumba vyote vinakuwa na skrini nyeusi. Weka namba ya siri kwenye stesheni za watu wazima na ubadilishe ile namba ya kiwandani.

Umeme ukikatika na kurudi ving'amuzi vingine vinaamka vimelala, yani vinasubiri mtu abonyeze. Jaribu kwa kuchomoa na kuchomeka uone chako kinafanyaje. Kama kinalala, weka UPS ndogo. Ving'amuzi vinne, moduleta na amplifaya vyote pamoja havifiki wati 100, hata UPS ya 650 VA inakupa dakika za kuwasha jenereta.

Hatua ya 7: kuzifunga TV za vyumbani

Sasa tuje kwenye kufuli lenyewe. TV ikiachwa wazi, ndani ya mwezi mmoja kuna mgeni atatafuta chaneli upya na kufuta zote, mwingine atahamisha kwenda HDMI akaiacha hapo, mwingine atapandisha sauti mpaka 100 saa nane usiku. Kila asubuhi mhudumu anapita chumba kwa chumba kurekebisha.

TV nyingi, hata hizi za kawaida za dukani, zina menyu iliyofichwa inaitwa `Hotel Mode`. Kwanza maliza kila kitu cha kawaida, tafuta chaneli upande wa `ATV`, panga mpira 1, habari 2, sinema 3, katuni 4, futa takataka nyingine zilizoingia. Ukifunga kabla ya kupanga utarudia.

Namna ya kuingia inategemea TV. LG nyingi unashikilia kitufe cha mipangilio kwenye rimoti kwa sekunde kama 7 mpaka 10 bila kuachia, alafu unaandika `1105` na OK. Samsung zile za hoteli unabonyeza `MUTE` `1` `1` `9` alafu OK. Hizi TV nyingi za bei nafuu zilizoundwa kwa bodi za Kichina unafungua menyu au orodha ya matundu kwa `SOURCE`, alafu unaandika haraka `1147` au `2580`. Kama hakuna inayokubali, tafuta namba ya modeli nyuma ya TV, ndo ya kuulizia, sio jina la kampuni peke yake.

Onyo hapa na nalisema kwa uchungu. Hizo namba za bodi za Kichina zinakufikisha menyu ya kiwandani, na humo ndani `Hotel Mode` ni ukurasa mmoja kati ya mingi. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujagusa. Usiguse kabisa chochote kinachoitwa `Panel`, `LVDS` au `Mirror`. Mimi nilibonyeza mshale mara moja zaidi kwenye TV ya mteja picha ikageuka miguu juu kichwa chini, kuirudisha nilikuwa nasoma menyu huku nimepindisha shingo na mteja amesimama nyuma yangu kanyamaza.

Ukishafika kwenye ukurasa wenyewe, majina yatafanana na haya:

```
Hotel Mode        On
Max Volume        40
Power On Volume   15
Power On Source   ATV
Power On Channel  1
Source Lock       On
Menu Lock         On
Power On Mode     Standby
```

`Max Volume` usiweke namba niliyoandika kichwakichwa, kaa chumba cha jirani mlango umefungwa, mtu apandishe polepole mpaka usikie maneno, rudi chini hatua tano. `Menu Lock` ndo kufuli la kweli, linazuia kutafuta chaneli upya. Wageni wengine simu zao, Infinix na Xiaomi kwa mfano, baadhi zina rimoti ndani yake, kwa hiyo hata ukificha rimoti yako watafungua menyu kwa simu. Kufuli la ndani ya TV halijali rimoti imetoka wapi.

`Power On Mode` watu wanairuka. Ikiwa `On`, umeme ukirudi saa kumi alfajiri TV zote 12 zinawaka zenyewe, vyumba vyenye watu na visivyo na watu. Weka `Standby`.

`Source Lock` ifikirie kidogo. Ukiifunga mgeni hawezi kuchomeka flashi au laptop yake, gesti za wafanyabiashara wanalalamika. Mi huwa naifunga ila vyumba viwili vya juu vya bei kubwa naviacha wazi.

Baadhi ya TV zina `USB Clone`, unachomeka flashi kwenye TV ya kwanza inanakili chaneli na kufuli zote, unaenda kuzimwaga kwenye nyingine. Inakubali tu TV zikiwa modeli moja kabisa, kwa hiyo nunua zote 12 siku moja duka moja. Faida nyingine ya kufanana ni rimoti, ukiwa na mbili za akiba zinafaa chumba chochote. Kila rimoti andika namba ya chumba nyuma na uivishe ile mifuko ya nailoni, mhudumu aikague kabla hajarudisha dhamana ya funguo.

Ukimaliza kufunga, jifanye mgeni msumbufu. Bonyeza menyu, bonyeza source, pandisha sauti mpaka mwisho, chomoa TV ukutani, irudishe, alafu iwashe kwa rimoti. Ikiwaka kwenye mpira kwa sauti 15 na menyu inakataa kufunguka, hamia chumba kinachofuata.

Ikisumbua baadaye

Chumba kimoja giza na vingine sawa, ni kichwa cha waya au TV, badilishana waya na chumba cha jirani kwenye spliter uone tatizo linahama au linabaki. Ghorofa nzima giza, ni spliter au waya wa kupanda. Gesti nzima haina chaneli moja, king'amuzi hicho kimelala, malipo yameisha au moduleta yake imechomoka. Gesti nzima haina chaneli zote, amplifaya haina umeme, na mara nyingi utakuta mtu kachomoa soketi yake ili achaji simu.

Mvua kubwa ikinyesha na stesheni zote zikaganda, hilo ni dishi na mawingu, subiri. Ikiganda bila mvua panda uangalie LNB, maji yameingia kwenye kichwa cha waya pale juu.

Ndani ya mlango wa kabati bandika karatasi yenye namba za chaneli za moduleta, herufi ya sauti, namba ya kuingilia `Hotel Mode` na mahali alama ya amplifaya ilipo. Ile alama ya amplifaya ichore kwa kalamu kwenye kitufe chenyewe pia, maana atakuja fundi mwingine na cha kwanza atakachofanya ni kuizungusha mpaka mwisho.